Mmomonyoko wa Udongo katika Milima ya Upare: Somo la Vipengele Sita

Msafiri atokaye Mombo kuelekea Moshi kwa barabara kuu huiona Milima ya Upare upande wake wa kulia. Mji wa Same umekaa chini ya milima hiyo, mahali pakavu, kwa kuwa pepo za kutoka Bahari ya Hindi humwaga sehemu kubwa ya mvua yake upande wa mashariki na juu vileleni kabla ya kushuka upande wa magharibi. Kilele cha Shengena, kilichomo katika msitu wa Chome, kina urefu wa mita 2,462 juu ya usawa wa bahari. Baina ya msitu huo na tambarare ya chini ipo miteremko inayolimwa mahindi, maharage, migomba na, katika sehemu za Mamba Miamba, tangawizi.

Kwa kuwa maji ni machache upande wa magharibi, Wapare wamejenga tangu zamani mabwawa madogo yaitwayo ndiva. Maji ya kijito huelekezwa kwa mfereji hadi kwenye ndiva, hujaa usiku, na asubuhi hufunguliwa ili yamwagilie mashamba ya chini kwa zamu. Lakini mfereji upitao chini ya mashamba ya mteremko hauleti maji peke yake. Huleta pia udongo ulioshuka kutoka mashamba hayo, na udongo huo hutua ndani ya ndiva. Hapo wanakijiji hulazimika kuitana kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja, ili wazoe tope. Hivyo udongo uliopotea juu huhesabiwa mara mbili: mwenye shamba la juu amepoteza rutuba, na mwenye shamba la chini amepoteza nafasi ya maji.

Katika somo hili tutaeleza jinsi udongo unavyong'oka na kuchukuliwa, kisha tutatumia mlinganyo unaojulikana ulimwenguni kukadiria upotevu huo katika shamba moja la mfano. Swali letu ni hili: kati ya mambo yote yanayosababisha mmomonyoko, ni yapi yaliyo mikononi mwa mkulima, na kila moja lina uzito gani?

Jinsi mmomonyoko unavyotokea

Watu wengi hudhani kwamba mmomonyoko huanza maji yanapotiririka. Kwa kweli huanza mapema zaidi, tone la mvua linapogonga ardhi. Tone kubwa la mvua ya radi huanguka kwa mwendo unaokaribia mita 9 kwa sekunde. Likigonga udongo ulio wazi huvunja madonge yake na kurusha chembe pande zote. Juu ya mteremko, chembe zinazorushwa kuelekea chini hufika mbali zaidi kuliko zile zinazorushwa kuelekea juu, na kwa hiyo udongo huanza kushuka hata kabla ya maji kutiririka.

Chembe laini zilizovunjika huziba vitundu vya udongo na kufanya gamba jembamba juu yake. Maji hushindwa kupenya, hukusanyika, kisha huanza kushuka kama utando mwembamba uliotandaa juu ya shamba lote. Utando huo huchukua chembe zilizokwisha kulegezwa na matone. Huu ndio mmomonyoko tandavu, na ni hatari kwa sababu hauonekani kwa urahisi. Dalili zake ni changarawe iliyobaki juu ya ardhi, mizizi ya mahindi iliyo wazi, na vijiwe vilivyosimama juu ya vinguzo vidogo vya udongo kwa kuwa vimeukinga udongo ulio chini yao.

Maji yakiendelea kushuka hukusanyika mahali palipobonyea na kuchimba vifereji. Hapo nguvu mpya huanza, kwani maji yenyewe sasa yana mwendo wa kutosha kung'oa udongo bila msaada wa matone. Vifereji vidogo huweza kufutwa kwa jembe msimu unaofuata. Visipodhibitiwa, maji ya vifereji vingi hukutana na kuchimba korongo, ambalo jembe haliwezi kulifuta tena.

Mlinganyo ulikotoka

Mwaka 1965 wataalamu wawili wa Marekani, Walter Wischmeier na Dwight Smith, walitoa kitabu cha mwongozo chenye mlinganyo wa kukadiria upotevu wa udongo mashambani. Waliutoa tena baada ya kuurekebisha mwaka 1978. Mlinganyo huo haukubuniwa kwa fikra tupu. Ulitokana na vipimo vya miaka mingi vilivyofanywa katika vishamba vya majaribio, ambavyo chini ya kila kimoja paliwekwa chombo cha kukinga maji na udongo ulioshuka.

Hapa kwetu vipimo vya namna hiyo vilianza mapema pia. Katika miaka ya 1930 mtafiti R. R. Staples alipima vishamba huko Mpwapwa, mahali penye mvua chache na mteremko mdogo. Ardhi iliyoachwa tupu ilipoteza takriban tani 146 za udongo kwa hekta kwa mwaka, na nusu ya maji ya mvua ilitiririka na kupotea. Kishamba cha nafaka kilipoteza tani 78. Kishamba cha majani kilipoteza udongo usiofaa hata kuhesabiwa, na maji yaliyotiririka hayakufika asilimia 2 ya mvua. Mvua ilikuwa ileile na udongo uleule. Kilichotofautiana ni kifuniko cha ardhi. Msomaji aikumbuke tofauti hiyo, maana tutaikuta tena ndani ya mlinganyo.

Mlinganyo wenyewe huandikwa hivi:

A = R × K × L × S × C × P

Herufi A ni wastani wa udongo unaopotea kwa mwaka, katika tani kwa hekta. R ni nguvu ya mvua, K ni wepesi wa udongo kumomonyoka, L ni urefu wa mteremko, S ni ukali wa mteremko, C ni kifuniko cha mimea na namna ya kulima, na P ni kazi za kuhifadhi ardhi.

Vipengele hivi huzidishwa, havijumlishwi. Maana yake ni kwamba kipengele kimoja kikipunguzwa kwa nusu, jibu lote hupungua kwa nusu. Na kimoja kikikaribia sifuri, jibu lote hukaribia sifuri, hata kama mvua ni kali na mlima ni mkali. Ndiyo sababu msitu wa Chome hushikilia udongo wake juu ya miteremko ambayo ikilimwa ovyo huharibika kwa miaka michache.

Vipengele vitatu asivyoweza kuvibadili mkulima

Kipengele R hakipimi wingi wa mvua peke yake. Kwa kila mvua huchukuliwa nishati ya matone yake yote, nayo huzidishwa kwa ukali wa mvua katika zile dakika 30 iliponyesha kwa nguvu kuliko wakati wote. Tuseme mvua ya milimita 30 imenyesha polepole kwa saa 6, na siku nyingine milimita 30 hizohizo zimenyesha kwa nusu saa. Tukikokotoa kwa kanuni ya Wischmeier na Smith, mvua ya pili ina nguvu ya kumomonyoa inayozidi ile ya kwanza karibu mara 18, ingawa kipimamvua cha shule kitaonyesha maji yaleyale. Kwa hiyo jumla ya mvua ya mwaka peke yake haitoshi kutupa R. Huko Same, ambako mvua hugawanyika kati ya vuli na masika, radi chache za mwanzo wa msimu huweza kufanya sehemu kubwa ya uharibifu, kwa sababu huzikuta ardhi zimekwisha kulimwa na mimea haijaota.

Kipengele K huhusu udongo wenyewe. Udongo wenye mchanga laini sana na uvumbi mwingi hung'oka kwa urahisi. Udongo mwekundu wa mfinyanzi ulioshikamana katika madonge imara, kama ule unaopatikana sehemu nyingi za milimani, hustahimili zaidi. Mboji huongeza ustahimilivu huo kwa kuyafunga madonge, na kwa hiyo shamba lililokwisha kupoteza tabaka la juu huwa jepesi zaidi kumomonyoka kuliko lilivyokuwa mwanzo.

Kipengele S ni ukali wa mteremko. Vipimo vilifanywa kwa kulinganisha na kishamba cha kawaida chenye mteremko wa asilimia 9, ambacho thamani yake huchukuliwa kuwa 1. Mteremko wa asilimia 12, yaani unaoshuka mita 12 kwa kila mita 100 za ulalo, una S ya karibu 1.54.

Vipengele vitatu vilivyo mikononi mwake

Kipengele L ni urefu wa mteremko, kuanzia mahali maji yanapoanza kutiririka hadi yanapoingia katika mtaro, au hadi ardhi inapolala na udongo kutua. Kishamba cha kawaida kilikuwa na urefu wa mita 22.13. Kwa mteremko wa asilimia 5 au zaidi, L hupatikana kwa kugawa urefu wa shamba kwa 22.13 na kutafuta kipeuo cha pili cha jibu. Mkulima hawezi kuufupisha mlima, lakini anaweza kuukata mwendo wa maji kwa makingamaji. Mojawapo ni tuta la fanya juu, ambalo hujengwa kwa kuchimba mtaro kwa kufuata kontua na kurusha udongo upande wa juu.

Kipengele C hulinganisha shamba na ardhi tupu iliyolimwa. Ardhi tupu ina C ya 1, na msitu mzito una C inayokaribia sifuri. Vipimo vya Mpwapwa vinatuonyesha hesabu ya namna hii: 78 kugawa kwa 146 ni kama 0.53. Hata hivyo ardhi tupu ya Mpwapwa haikuwa ikilimwa kama kishamba cha kawaida cha mlinganyo, kwa hiyo tuichukue namba hiyo kuwa mfano tu wa njia.

Kipengele P ni faida ya kulima kwa kukingama mteremko badala ya kulima kwa kupanda na kushuka. Anayelima kwa kupanda na kushuka hupewa P ya 1. Anayelima kwa kufuata kontua katika mteremko wa asilimia 9 hadi 12 hupewa 0.6. Faida hii ina mpaka wake: mteremko wa namna hiyo ukizidi urefu wa mita 36 hivi bila kukatwa, maji hujaa nyuma ya matuta ya kulimia, huyapasua moja baada ya jingine, na kushuka kwa pamoja yakiwa na nguvu kubwa kuliko kama matuta yasingekuwapo.

Hesabu ya shamba moja

Tuchukue shamba la mfano la hekta 1 juu ya mfereji unaoelekea kwenye ndiva, upande wa magharibi wa Upare Kusini. Thamani za R, K na C hapa zimechaguliwa kwa ajili ya somo. Anayetaka kupanga kazi halisi hana budi kuzitafuta za mahali pake.

R ni 4,000 (megajouli milimita kwa hekta kwa saa kwa mwaka) na K ni 0.02 katika vizio vinavyolingana nayo. Mteremko ni asilimia 12, kwa hiyo S ni 1.54. Urefu ni mita 88, karibu mara nne ya kishamba cha kawaida, kwa hiyo L ni 2. Shamba ni la mahindi matupu, mabua huliwa na mifugo baada ya mavuno, na C ni 0.4. Mkulima hulima kwa kupanda na kushuka, kwa hiyo P ni 1.

A = 4,000 × 0.02 × 2 × 1.54 × 0.4 × 1 = tani 99 hivi kwa mwaka.

Ikiwa mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani 1.3, hizi ni mita za ujazo 76, au unene wa milimita 7.6 juu ya shamba lote. Kwa mwendo huo sentimita 15 za juu, ambazo ndizo zenye sehemu kubwa ya rutuba, zitakwisha kwa miaka 20 hivi.

Sasa mkulima ajenge makingamaji matatu ya fanya juu na kuligawa shamba katika vipande vinne vya mita 22. L inakuwa 1, na upotevu unashuka hadi tani 49. Tuone vizuri jambo hili: urefu umegawanywa kwa nne, lakini upotevu umepungua kwa nusu tu, kwa sababu ya kile kipeuo cha pili.

Hatua ya pili ni kulima kwa kufuata kontua ndani ya kila kipande. P ni 0.6, na vipande ni vifupi kiasi kwamba matuta hayatapasuka. Upotevu unakuwa tani 30.

Hatua ya tatu ni kuchanganya mahindi na maharage na kuyaacha mabua yatandae shambani. Tuseme C inashuka kutoka 0.4 hadi 0.15. Upotevu unakuwa tani 11. Kiasi hicho ndicho kikomo cha juu ambacho wataalamu wa Marekani walikikubali kwa udongo wenye kina kirefu. Udongo mwembamba huhitaji kikomo kidogo zaidi.

Katika hatua zote tatu, ile ya tatu ndiyo iliyopunguza kwa uwiano mkubwa kuliko nyingine, nayo haikuhitaji sururu. Lakini ina gharama yake, kwani mabua yaliyoachwa shambani ni chakula kilichonyimwa ng'ombe na mbuzi. Ndiyo maana majani ya tembo hupandwa juu ya tuta la fanya juu: hulishika tuta, na pia hukatwa kuwa malisho badala ya mabua.

Tuirudie ndiva. Tuseme mashamba manne ya hekta moja moja hupakana na mfereji, na robo tu ya udongo wao hufika bwawani. Kabla ya hifadhi, tani 99 zingefika. Zikitua kwa tani 1.2 kwa mita ya ujazo, zingejaza mita za ujazo zaidi ya 80. Ndiva yenye ujazo wa mita 400 ingepoteza sehemu moja kwa tano ya nafasi yake kwa mwaka, na msaragambo ungelazimika kuzoa madebe zaidi ya 4,000 ya tope. Baada ya hatua zote tatu, madebe hayo yangepungua hadi kati ya 450 na 460.

Mambo ambayo mlinganyo hauyasemi

Kwanza, mlinganyo hutoa wastani wa miaka mingi. Hauwezi kutabiri upotevu wa mvua moja, wala wa mwaka mmoja wa mafuriko.

Pili, unahesabu mmomonyoko tandavu na wa vifereji peke yake. Makorongo hayamo, na maporomoko ya ardhi hayamo. Maporomoko ya Novemba 2009 katika kijiji cha Goha, tarafa ya Mamba Miamba, yaliua watu na kufukia nyumba. Msiba wa namna hiyo hutokana na mlima mzima kulowa hadi chini, wala hautokani na matone kugonga uso wa shamba, na mlinganyo wetu hauna neno juu yake.

Tatu, hauonyeshi udongo umekwenda wapi. Sehemu kubwa hutua bondeni au kwenye majani kabla ya kufika mtoni. Ile robo tuliyoitumia kwa ndiva ni dhana yetu, haikutoka katika mlinganyo.

Nne, una udhaifu kwenye miteremko mikali. Vishamba vya Marekani vingi vilikuwa na mteremko usiozidi asilimia 18. Kwa mteremko wa asilimia 45, ambao si nadra Upareni, kanuni ya 1978 hutoa S ya karibu 13, hali kanuni iliyorekebishwa baadaye kwa vipimo vipya hutoa kama 6.4. Kwa asilimia 12 kanuni hizo mbili hukubaliana. Basi mwanafunzi anayekokotoa shamba la tangawizi kwenye mteremko mkali asiamini jibu linalotokana na kanuni ya zamani. Akumbuke pia kwamba tangawizi huvunwa kwa kuchimbua, hivyo ardhi huvurugwa tena wakati wa mavuno, na C yake haiwezi kuazimwa kutoka shamba la mahindi.

Kosa moja la hesabu hutokea mara kwa mara. Mtu hufupisha L kwa sababu ya makingamaji, kisha hupunguza P pia kwa makingamaji yaleyale. Kazi moja huhesabiwa mara moja tu: makingamaji huingia katika L, na kulima kwa kontua huingia katika P.

Mazoezi

1. Shamba la mfano, kabla ya hifadhi yoyote, limekatwa katikati kwa kingamaji moja, hata kila kipande kina urefu wa mita 44. Kokotoa upotevu kwa hekta. (Jibu: karibu tani 69.)

2. Mkulima hana nguvu za kujenga makingamaji. Analima kwa kontua mteremko wote wa mita 88. Eleza kwa nini si halali kutumia P ya 0.6.

3. Pigilia vigingi kumi vya chuma katika shamba la shule na uweke alama usawa wa udongo kabla ya masika. Baada ya masika, pima sehemu iliyofunuliwa ya kila kigingi. Badili wastani wa milimita kuwa tani kwa hekta, ukikumbuka kwamba milimita 1 ni tani 13 ikiwa udongo una tani 1.3 kwa mita ya ujazo. Vigingi gani vimefukiwa badala ya kufunuliwa, na vinakufundisha nini juu ya jambo la tatu katika sehemu iliyotangulia?